Pumba za Petro: hesabu ya wabia wawili na magunia 250 ya mpunga

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa soko, wafanyabiashara wenzangu. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie wafanyabiashara wawili wanaoungana kwa mradi mmoja kisha kila mtu anarudi kwenye duka lake. Sizungumzii kampuni, wala ubia wa kudumu. Nazungumzia ule ubia tunaoufahamu sote hapa: mpunga umeshuka bei Ubaruku, wewe una mtaji kidogo, mwenzako ana kidogo, mnaunganisha, mnanunua, mnahifadhi, mnakoboa, mnauza Dar, mnagawana. Unaanza Juni, ikifika Oktoba au Novemba umekwisha.

Kazi yangu ni kutunza hesabu. Watu wa namna hii huwa wananijia mwishoni, wakati wameshaacha kusalimiana. Mmoja ana daftari, mwingine ana simu yenye meseji za miamala, na kila mmoja anaamini kwa dhati kwamba mwenzake amemla. Mara nyingi hakuna aliyemla mwenzake. Fedha zote zipo, ila zimepitia mifuko mitatu bila kuandikwa zimetoka wapi na zimekwenda wapi. Hilo ndilo linaloniuma, maana urafiki wa miaka ishirini unavunjika kwa sababu ya kurasa nne za daftari ambazo hazikuandikwa.

Naomba niwachukue kwenye hesabu moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni hesabu ya mfano, nimeitengeneza kwa tarakimu nyepesi ili tuweze kufuatana. Wabia wetu tuwaite Mwajuma na Petro. Mwajuma ana duka la nafaka Tandale. Petro ni mtu wa Mbarali, anawajua wakulima na mashine za kukoboa. Mwajuma anatoa milioni 12, Petro anatoa milioni 8. Jumla milioni 20.

Jambo la kwanza wanalofanya ni kwenda benki kufungua akaunti ya pamoja kwa ajili ya mradi huu peke yake. Hawatumii akaunti ya duka la Mwajuma, wala laini ya simu ya Petro. Benki itawauliza swali ambalo watu hulijibu haraka haraka: saini ni ya yeyote kati yenu, au ni ya wote wawili? Mkisema yeyote, mmoja anaweza kuamka asubuhi akazitoa zote milioni 20 na benki haitakuwa na kosa. Mkisema wote wawili, Petro akiwa Ubaruku na Mwajuma akiwa Dar, ununuzi unaweza kukwama siku mbili huku mpunga unachukuliwa na wengine.

Mimi nashauri saini mbili, na ugumu wake utatuliwe kwa mpango. Mnakaa pamoja siku ya kwanza mnasaini kutoa fungu la kununulia, tuseme milioni 6. Petro akilimaliza anatuma picha ya karatasi za mizani na majina ya waliouza, ndipo linatoka fungu la pili. Mkulima anataka fedha taslimu mkononi, hilo halikwepeki, lakini fedha taslimu ikitoka kwa mafungu, kosa likitokea linakuwa la ukubwa wa fungu moja.

Sasa daftari. Kaunta buku ya kawaida inatosha, yenye kurasa nne mlizozipa vichwa. Ukurasa wa kwanza ni Benki ya Pamoja, unaonyesha fedha iliyoingia na iliyotoka kwenye ile akaunti. Wa pili ni Mradi, ambao upande wa kushoto unabeba kila gharama ya ule mpunga, na upande wa kulia kila kilichopatikana kutokana na ule mpunga. Wa tatu ni wa Mwajuma na wa nne ni wa Petro. Kwenye ukurasa wa mbia, upande wa kulia tunaandika kile ambacho mradi unamdai, samahani, nirudie vizuri: kile ambacho mbia anaudai mradi. Upande wa kushoto tunaandika kile ambacho tayari amekichukua kutoka kwenye mradi. Wenzangu waliosomea hesabu wanaita debiti na krediti, lakini leo kushoto na kulia inatutosha.

Kanuni ni moja: kila jambo linaandikwa kwenye kurasa mbili. Mwajuma alipoweka milioni 12, Benki ya Pamoja ilipokea milioni 12, na ukurasa wa Mwajuma, kulia, ukaandikwa milioni 12. Petro vivyo hivyo kwa milioni 8. Tangu siku hiyo fedha iliyo benki si ya Mwajuma wala ya Petro. Ni ya mpunga, nao wawili wanaudai mpunga.

Petro akanunua kilo 20,000 kwa shilingi 800 kwa kilo, yaani milioni 16. Ni magunia 250 ya kilo 80. Nawasihi muandike kilo, msiishie kwenye idadi ya magunia. Tunajua lumbesa ni nini. Gunia la Petro la Ubaruku na gunia la mnunuzi wa Tandale si kipimo kimoja, na hesabu inayoandikwa kwa magunia haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote.

Gharama nyingine zilizolipwa kutoka akaunti ya pamoja zilikuwa hivi: magunia na vibarua wa kupakia laki 5, ghala 450,000, kukoboa laki 8, lori hadi Dar 1,170,000, ushuru na vibali 330,000. Ukijumlisha na ule mpunga unapata 19,250,000. Zote zimetoka Benki ya Pamoja, zote zimeandikwa kushoto kwenye ukurasa wa Mradi. Benki ikabaki na 750,000.

Hadi hapo hakuna mtu anayegombana. Ugomvi unazaliwa kwenye yale mambo ambayo hayapiti benki, na kwa mpunga huu yalikuwa matano.

La kwanza: sehemu ya mzigo ilikutwa na unyevu. Mpunga mbichi ukiupeleka mashine unakatika, unapata chenga nyingi kuliko mchele. Petro akakodi maturubai na vibarua wauanike upya, akalipa laki 2 kutoka mfukoni mwake, maana Mwajuma hakuwepo kusaini. La pili: lori liliharibika Kitonga. Wanaosafirisha mnaijua ile milima. Ikabidi mzigo uhamishiwe lori jingine usiku huohuo, na Mwajuma akatuma laki 6 kwa simu, fedha ya dukani kwake.

Je, hizi ni gharama za nani? Ni za mpunga. Kwa hiyo ukurasa wa Mradi, kushoto, unaongezeka laki 8. Lakini benki haikutoa kitu, basi kurasa za pili ni zipi? Ni kurasa za wabia. Petro, kulia, laki 2. Mwajuma, kulia, laki 6. Maana yake kila mmoja ameukopesha mradi, na atarudishiwa kabla faida haijaguswa. Mtu akilipa mfukoni bila kuandika, baada ya miezi mitatu anakumbuka laki 6 kama laki 8, na mwenzake anazikumbuka kama laki 4, na wote wawili wanasema kweli kadiri ya kumbukumbu zao. Andikeni siku ileile, na muamala wa simu upigwe picha.

La tatu ndilo nililoliwekea kichwa cha habari. Mpunga ukikobolewa unatoa mchele, chenga, maganda, na ile pumba laini wanayoitaka wafugaji. Kuna mashine ambazo pumba inabaki kwa mwenye mashine kama sehemu ya malipo yake, na kuna ambazo pumba ni ya mwenye mpunga. Hapa ilikuwa ya mwenye mpunga. Petro akaiuza palepale kwa mfugaji, akapata laki 3 taslimu, akaitumia kwa chakula, bodaboda, vocha na mambo yake ya nyumbani. Kwa moyo mweupe kabisa. Ukimuuliza anakwambia, "Ile si ilikuwa pumba tu?"

Pumba ni zao la ule mpunga walioununua wote wawili. Ukurasa wa Mradi, kulia, unaandikwa laki 3. Ukurasa wa Petro, kushoto, laki 3, kwa sababu ameshazichukua. Kama chakula na usafiri wake vilipaswa kulipwa na mradi, hilo ni halali kabisa, lakini lisemwe kwenye makubaliano tangu mwanzo kwamba mbia aliye shambani atalipwa kiasi fulani kwa siku, na kiandikwe kama gharama. Kujilipa kupitia pumba bila kusema ndiko kunakoharibu, hata kama kiasi ni kidogo. Nimeona watu wakivumiliana kwenye hasara ya milioni wakashindwa kuvumiliana kwenye pumba, kwa sababu hasara ya bei haina mtu, lakini pumba ina mtu.

Mchele uliotoka ulikuwa kilo 13,000. Hapa Mwajuma anao uwezo wa kukagua hata kama hakukanyaga mashineni. Kwa kawaida kilo 100 za mpunga mzuri zinatoa kati ya kilo 62 na 68 za mchele pamoja na chenga. Kilo 13,000 kwa 20,000 ni 65 kwa 100, iko sawa. Ingekuja kilo 11,500 angekuwa na haki ya kuuliza, na maswali yake yangekuwa matatu tu: mpunga ulikuwa na unyevu kiasi gani ulipopimwa, mashine iko katika hali gani, na kuna mzigo uliobaki ghalani?

Kilo 12,000 zikauzwa Tandale kwa wastani wa shilingi 1,800, ni 21,600,000. Zote ziliingizwa Benki ya Pamoja kama zilivyo. Nasisitiza hilo la kama zilivyo. Muuzaji anapopokea milioni 2 asitoe humo laki ya wapakuaji akaweka benki 1,900,000. Aweke milioni 2, kisha laki itoke na ionekane imetoka. Mauzo yakipunguzwa njiani, ukurasa wa Mradi hauonyeshi tena bei halisi wala gharama halisi, na hapo hata mtu mwaminifu hawezi kujitetea.

La nne na la tano ni bidhaa waliyochukua wenyewe. Mwajuma alikuwa na harusi ya mwanawe, akachukua kilo 200. Walikubaliana bei ya 1,700, ni 340,000. Mwishoni zikabaki kilo 700, nyingi chenga, ambazo hazikupata mnunuzi. Petro akasema atazichukua akaziuze kidogo kidogo kwake, wakakubaliana 1,000 kwa kilo, ni laki 7. Zote mbili zinaandikwa kulia kwenye Mradi kama mauzo, na kushoto kwenye ukurasa wa aliyechukua. Bei ikubaliwe siku mzigo unapotoka ghalani. Ukisubiri mwezi mmoja, chenga ikipanda bei, mwenzako ataona umemdhulumu, na ikishuka utaona umejidhulumu.

Kilo 100 zilizobaki zilipotea kwa vumbi, kumwagika na mizani kutofautiana. Hazina fedha, haziandikwi kwenye fedha, lakini ziandikwe kwenye hesabu ya kilo ili 13,000 itimie: 12,000 na 200 na 700 na 100.

Sasa tufunge. Ukurasa wa Mradi, kushoto: 19,250,000 zilizotoka benki, laki 2 za Petro, laki 6 za Mwajuma. Jumla 20,050,000. Kulia: mauzo 21,600,000, mchele wa harusi 340,000, chenga 700,000, pumba 300,000. Jumla 22,940,000. Tofauti ni 2,890,000, hiyo ndiyo faida.

Walikubaliana kugawana faida nusu kwa nusu, ingawa mitaji haikulingana, kwa sababu Petro alikaa Ubaruku wiki nzima nzima na Mwajuma alibaki dukani kwake. Hayo ni makubaliano halali. Kila mmoja anapata 1,445,000, inaandikwa kulia kwenye ukurasa wake.

Ukurasa wa Mwajuma unasomeka hivi: mtaji milioni 12, laki 6 za Kitonga, faida 1,445,000, toa mchele wa harusi 340,000. Anadai 13,705,000. Wa Petro: mtaji milioni 8, laki 2 za kuanika, faida 1,445,000, toa chenga laki 7, toa pumba laki 3. Anadai 8,645,000. Jumlisha madai yao wawili: 22,350,000.

Sasa chukueni taarifa ya benki. Ilikuwa na 750,000 baada ya gharama, zikaingia 21,600,000. Ni 22,350,000.

Mnaona? Fedha iliyoko benki inalingana na madai ya wabia mpaka shilingi ya mwisho. Hicho ndicho kipimo, na ndiyo sababu nang'ang'ania akaunti ya peke yake. Kama mauzo yangeingia akaunti ya duka la Mwajuma, yangechanganyika na sukari na unga wake, na kipimo hiki kisingekuwepo. Zisipolingana, kuna jambo limeandikwa ukurasa mmoja tu au halikuandikwa kabisa, na wala usianze kumtazama mtu usoni. Gawanya ile tofauti kwa mbili kwanza. Ukipata kiasi unachokitambua, kuna kitu kimeandikwa upande usio wake.

Watu wengi hawafanyi hivi. Wanaangalia benki, wanaona 22,350,000, wanatoa mitaji milioni 20, wanasema faida ni 2,350,000, kila mtu 1,175,000. Ni rahisi na inaonekana ya haki. Kwa njia hiyo Mwajuma angepokea 13,175,000 na Petro 9,175,000. Mwajuma angepoteza 530,000 na asijue zimekwenda wapi. Angehisi tu kwamba kitu hakiko sawa, na hisia hiyo ndiyo inayovunja watu. Petro naye angeapa, kwa haki yake, kwamba hajaiba.

Nimesema faida nusu kwa nusu. Je, hasara? Hapa ndipo wengi hawaongei kabisa, kwa sababu kuzungumzia hasara siku ya kuanza kunaonekana kama kuutabiria mradi mabaya. Tuseme mchele umeingia kwa wingi sokoni na Tandale wameuza kwa 1,400 badala ya 1,800, mengine yote yakabaki vilevile. Mauzo yanapungua kwa 4,800,000, na ile faida inageuka hasara ya 1,910,000. Nani anabeba?

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ina sehemu ya ubia, na msimamo wake ni kwamba wabia wasipokubaliana vingine, faida na hasara zinagawanywa sawa. Kila mmoja 955,000. Lakini ndugu zetu wanaofanya musharaka kwa kanuni za Kiislamu wana utaratibu mwingine: faida mnaweza kugawana mnavyokubaliana, ila hasara inafuata mtaji. Mitaji hapa ni tatu kwa mbili, kwa hiyo Mwajuma angebeba 1,146,000 na Petro 764,000. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni 191,000 kwa kila mtu. Mimi binafsi naipenda hiyo ya pili kwa miradi kama hii, kwa sababu Petro akipata hasara ameshapoteza pia miezi yake ya kazi. Lakini maoni yangu hayana nguvu yoyote kama karatasi yenu haijaandikwa. Sentensi moja inatosha: faida tutagawana hivi, hasara tutabeba hivi. Ikiwa haipo, mtapewa nusu kwa nusu hata kama hamkuifikiria.

Kuna swali huwa naulizwa: je, kwa mradi mdogo wa wiki mbili, bado tufungue akaunti? Kama ni magunia 20 na miamala sita, kila mmoja anaweza kuandika alichotoa na alichopokea, kisha mkakaa mkaunganisha karatasi mbili kuwa moja. Hesabu itatoka. Ila hapo hamna benki ya kuilinganisha nayo, mnategemea kila mtu aandike kila kitu. Mzigo ukizidi lori moja, au ukikaa ghalani zaidi ya mwezi, fungueni.

Na msigawane faida katikati. Mauzo ya wiki ya kwanza yakiingia milioni 9 watu hushawishika kuchukua kidogo. Wakati huo hamjui chenga zitakuwa kilo ngapi, wala lori la pili litafika salama. Anayebanwa na shida achukue, iandikwe kushoto kwenye ukurasa wake kama alichochukua, isiitwe faida.

Siku ya kufunga, Mwajuma na Petro wanakwenda benki pamoja na daftari na taarifa ya akaunti. Wanasaini kutoa 13,705,000 na 8,645,000. Kila mmoja anasaini pia kwenye ukurasa wa mwenzake. Akaunti inabaki sifuri, wanaomba ifungwe, na ile 1,445,000 kila mmoja anakwenda kuiandika kwenye vitabu vya biashara yake mwenyewe kama mapato, maana ni mapato na itahesabiwa kodi yake. Msimu ujao wakitaka kuungana tena, wanafungua nyingine.

Daftari langu la mfano liko hapa mezani na kurasa zake nne. Mwenye mradi unaoendelea sasa hivi aje na karatasi zake, tuanze na yale ambayo hayakupita benki.